Kikasha Kinachaji, Upande Mmoja Umekufa: Safisha Kwanza, Riseti Baadaye

Leo nina ugomvi mdogo na ushauri mmoja ambao kila mtu anautoa bila kufikiri. Mtu akilalamika kwamba vipokea sauti vyake visivyo na waya vinaimba upande mmoja tu, anaambiwa: "Viriseti." Nami nasema kuriseti ni hatua ya mwisho. Ukianza nayo, huenda ukabaki na matatizo mawili mahali pa moja, kisha ukatupa kitu kizima ambacho kilihitaji tu kupanguswa.

Tuanze na taa ya kikasha, maana hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Unachomeka waya wa USB, taa inawaka, asubuhi inaonyesha kimejaa. Unajiambia kuchaji si tatizo, kwa hiyo upande ule umeharibika. Lakini taa hiyo, kwenye vikasha vingi vya bei nafuu, inazungumzia betri ya kikasha chenyewe peke yake. Ndani kuna betri tatu: moja kubwa ya kikasha, na mbili ndogo sana, moja kwa kila kipokea sauti. Kujaa kwa ile kubwa hakuonyeshi kabisa kama umeme umefika kwa zile ndogo. Ni kama kuona tangi la maji limejaa juu ya paa na kudhani lazima kila bomba la nyumba linatoa maji.

Umeme unatoka kwenye kikasha kupitia pini ndogo zenye springi, kwa kawaida mbili au tatu kila upande, zinazogusa vidoti vya chuma vilivyo kwenye kipokea sauti. Sasa fikiria kitu hicho kinakaa wapi: sikioni, kwenye jasho, nta ya masikio na mafuta ya nywele, halafu kinarudishwa kwenye kikasha kilichojaa vumbi la mfukoni. Utando mwembamba tu juu ya kidoti kimoja unatosha kuzuia umeme.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, na ndilo msingi wa hoja yangu. Pini zile hazipeleki chaji peke yake, zinapeleka habari pia. Kipokea sauti kinajua kimo ndani ya kikasha kwa kuhisi umeme kwenye vidoti vyake. Kikihisi, kinakata mawasiliano na simu na kuanza kuchaji. Kisipohisi, kinadhani bado kiko nje. Kwa hiyo kidoti kichafu kinakiumiza mara mbili: kinakinyima chaji, na tena kinakiacha macho usiku kucha kikitafuta simu hadi betri inakauka. Ukiona simu inasema upande mmoja umeunganishwa hali uko ndani ya kikasha kilichofungwa, hiyo ni dalili nzuri sana ya uchafu.

Sasa utaelewa kwa nini kuriseti mapema ni kosa. Katika aina nyingi, kila kipokea sauti kinahifadhi kumbukumbu mbili: simu yake na mwenzake. Ukiriseti wakati kimoja hakina chaji au hakigusi pini, kile kizima kinafuta kumbukumbu zake na kile kilichokufa hakifuti chochote. Siku kitakapofufuka, kitamtafuta mwenzake ambaye hamkumbuki tena. Hapo unapata ule ugonjwa wa vipokea sauti viwili vinavyoonekana kwenye simu kama vifaa viwili tofauti.

Nitoe mfano. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa na vya aina ya kawaida, vile vya shilingi elfu moja na kitu. Cha kulia kilikuwa kimya wiki mbili. Alikuwa ameshariseti mara tatu. "Kaka, hiki kimekufa, nipe tu jina la duka," akaniambia. Nikamwomba nusu saa.

Jaribio la kwanza halikuhitaji kifaa chochote. Nilikiweka cha kulia ndani, kifuniko kikiwa wazi, nikakibonyeza taratibu kwa kidole. Taa yake ndogo nyekundu ikawaka, nikiachilia inazimika. Hapo tulikuwa na jibu: betri haijafa, kinachokosekana ni mgusano. Kama taa ingewaka baada ya kuvua mpira wa sikio, tungejua mpira ni mkubwa mno na unakizuia kukaa vizuri. Hilo hutokea sana kwa waliobadilisha mipira ile ya awali.

Tukasafisha. Kwanza hakikisha kikasha hakijachomekwa kwenye umeme. Chukua pamba ya masikio, iloweshe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, kisha uikamue ili isidondoke. Pangusa vidoti vya kipokea sauti mara kadhaa, ukigeuza pamba hadi itoke nyeupe. Yake ilitoka kahawia. Spiriti ya duka la dawa inafaa pia, ila soma lebo: nyingine huongezwa mafuta ya nyonyo ili yalainishe ngozi, na mafuta hayo yatakuachia utando mpya mahali pa ule wa zamani.

Halafu geukia pini za ndani, kwani ndizo zinazosahaulika. Mulika kwa tochi ya simu. Toa vumbi kwa kijiti cha meno cha mbao, kisha upanguse kwa ile pamba. Linganisha urefu: pini zote zisimame sawa. Ya huyu dada moja ilikuwa imezama, imegandwa na uchafu. Tuliweka tone dogo la alkoholi kwenye ncha ya kijiti, tukaibonyeza na kuiachilia mara kama ishirini hadi ikaanza kuruka yenyewe. Acha kila kitu wazi dakika kumi au zaidi kikauke kabla ya kurudisha.

Usitumie sindano wala kitu chochote cha chuma, kwa sababu ukigusa pini mbili pamoja unaziunganisha na unaweza kuunguza saketi. Usitumie msasa wala kisu pia. Vidoti hivyo hupakwa tabaka jembamba sana la madini yasiyoshika kutu, mara nyingi dhahabu. Ukilikwangua, chuma cha chini kitaanza kuliwa na chumvi ya jasho. Ukiona ukijani unarudi siku chache baada ya kusafisha, tabaka hilo limekwisha, na kusafisha kutakuwa kwa muda tu.

Baada ya kusafisha, taa bado haikuwaka mara moja. Hapa watu wengi hukata tamaa, lakini subira inalipa. Betri ya lithiamu iliyokauka kabisa hairuhusiwi kupokea chaji kwa kasi. Saketi huilisha umeme kidogo kidogo kwanza, hadi ipande kufikia kama volti 3, ndipo chaji ya kawaida inaanza. Kwa hiyo iweke ndani, chomeka kikasha kwenye umeme, funga, uondoke. Yake iliwaka baada ya kama dakika ishirini. Mimi ningekupa saa moja nzima kabla ya kutoa hukumu.

Sasa, na sasa tu, ndipo tukariseti, maana zile riseti zake tatu zilikuwa zimekifanya cha kushoto kimsahau mwenzake. Mpango ni huu:

1. Hakikisha vyote viwili vina chaji na taa ya kila kimoja inaitikia vikiwekwa kwenye kikasha.

2. Vifute kwenye simu. Kwenye Android nyingi ni Settings, kisha Connected devices, kisha alama ya gia na Forget. Kwenye iPhone ni Settings, Bluetooth, alama ya i, kisha Forget This Device. Kama vinaonekana mara mbili, futa vyote.

3. Riseti vyote viwili kwa pamoja. Kikasha chake kilikuwa na kitufe, hivyo tuliacha vyote ndani na kukishikilia kwa sekunde kumi hadi taa zikamemeta. Kwa AirPods zenye kitufe nyuma ya kikasha, ni kama sekunde 15, kifuniko kikiwa wazi, hadi taa imemete rangi ya chungwa kisha nyeupe. Aina zisizo na kitufe hushikiliwa zenyewe, zote mbili kwa wakati mmoja. Muda wake umeandikwa kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi.

4. Funga kikasha, subiri nusu dakika, fungua, na uache viwili vipatane kabla ya kuwasha Bluetooth ya simu. Kisha unganisha jina moja tu.

Dada yangu alirudi kusikia masikio yote mawili, na pesa yake ikabaki mfukoni.

Si kila mara itaishia hivyo, nami sitaki kukudanganya. Kama umesafisha, pini zinaruka, umesubiri saa moja, na hata ukikibonyeza hakitoi taa, basi ama betri imekufa kabisa kwa kukaa mtupu miezi mingi, ama saketi imeingia maji. Kama kinawaka lakini kinazima baada ya dakika kumi, betri imechoka, na riseti haiongezi betri uhai. Kikivimba au kikiwa moto, kiondoe kwenye chaji na usikirudishe. Usijaribu kukipasua nyumbani. Vingi vimebandikwa kwa gundi, na betri ya lithiamu ikitobolewa hushika moto.

Na hapa ndipo malalamiko yangu kwa watengenezaji yanapoingia. Kikasha kinaweza kujua kama upande mmoja hauvuti umeme. Kuongeza taa moja ya kila upande, inayosema "cha kulia hakichaji", si jambo la ajabu. Na betri ndogo si lazima iwe hukumu ya kifo: kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa Fairbuds mwaka 2024, ambazo mwenyewe unaweza kubadilisha betri za vipokea sauti na ya kikasha pia. Kwa hiyo inawezekana. Wengine hawafanyi kwa sababu tunanunua pea mpya bila kuuliza.

Mpaka watakapobadilika, shika mpangilio huu: bonyeza kwa kidole, safisha, subiri, ndipo uriseti. Na kila Jumapili, ukiwa unapumzika, pangusa vile vidoti kwa pamba kavu. Ni kazi ya dakika moja.