Bei poa haimwambii mnunuzi mota ni ipi

Mwezi uliopita mwenye boti mmoja wa Baraka alipanda hadi Kalundu kuchukua mota aliyoiona kwenye kundi la mauzo la simu. Tangazo lilisema hivi:

BEI POA!! Mashine nzuri sana ya boti, hali safi, njoo uone, Yamaha 40

Alipofika alikuta mota ni nzima kweli na bei ni ile ile. Lakini ilikuwa ya mkia mfupi, na boti yake inataka mkia mrefu. Akarudi mikono mitupu, nauli imekwenda. Muuzaji hakumdanganya. Alichokosea ni mpangilio wa maneno, na hilo kwa maoni yangu ni kosa lake, si la mnunuzi.

Hesabu herufi za tangazo lile pamoja na nafasi: ni 69. Jina Yamaha linaanza kwenye herufi ya 61. Simu ikionyesha herufi 40 tu za mwanzo kwenye orodha, mtu anasoma "BEI POA!! Mashine nzuri sana ya boti, ha" na hapo panakatika. Hajui ni mota gani. Na anayeandika jina la mota kwenye sehemu ya kutafuta atapata Yamaha 40 za kila aina, kwa sababu namba kamili haikuandikwa popote.

Namba hiyo imebandikwa kwenye mota yenyewe. Kwenye Yamaha ya Enduro, E40XMHL husomeka hivi: 40 ni nguvu ya farasi, M ni kuwashwa kwa kamba, H ni kuongozwa kwa mpini wa mkono, na L ya mwisho ni mkia mrefu, inchi 20, yaani karibu sentimita 51. Ikiisha na S, mkia ni inchi 15, karibu sentimita 38. Tofauti hiyo ya sentimita 13 si ndogo. Mkia ukiwa mfupi kwenye boti yenye ubao mrefu wa nyuma, wimbi la Tanganyika linapoinua nyuma ya boti, pangaboi linavuta hewa. Mota inapiga kelele na boti haiendi. Mkia mrefu kwenye boti fupi nao unaburuta maji na kugonga mawe karibu na ufuko.

Kwa hiyo mimi ningeandika:

Yamaha E40XMHL, HP 40, mkia mrefu, mota ya boti, imetumika, Uvira

Ni herufi 65. Ukiikata kwenye herufi ya 40, kampuni, namba, nguvu na mkia vyote vimebaki. Kinachopotea ni "ya boti", "imetumika" na "Uvira", ambavyo mnunuzi atavisoma akishafungua tangazo. Bei ina sehemu yake. Haina haja ya kukaa kwenye kichwa. "Nzuri sana" ndiyo ya kwanza kufutwa, maana hakuna anayeandika kwamba mota yake ni mbaya.

Kila mahali pana kipimo chake. eBay inaruhusu herufi 80. Google, kwa wanaoweka bidhaa zao huko, inaruhusu 150 lakini inashauri ya muhimu yawe ndani ya 70 za mwanzo, kwa sababu watu wengi hawaoni zaidi ya hapo. Ujumbe wa kawaida wa simu unabeba 160, na hapa sisi tunaochanganya Kifaransa tunajikwaa: herufi é na à hazina shida, lakini weka ê moja ya "pêche", au ç ndogo, au kile kipicha cha moto tunachokipenda, na kipimo kinashuka hadi 70. Ujumbe uliozidi hapo unagawanywa, na kila kipande kinalipiwa.

Wapo watakaosema wateja wa Uvira wanavutwa na bei. Kwa ndagala nakubali kwa sehemu: hazina kampuni wala namba, basi anza na kitu chenyewe na kipimo chake, "Ndagala kavu, kilo 5". Ila anayetafuta mota anatafuta moja tu inayoingia kwenye boti yake.

Jambo jingine linaniudhi zaidi, kwa kuwa si uzembe tena. Ni kuandika "Pangaboi Yamaha E40X" wakati pangaboi limetengenezwa na kampuni nyingine. Kama linaingia kwenye mota hiyo, andika "Pangaboi kwa Yamaha E40X", na jina la aliyelitengeneza litangulie kama linajulikana. Neno "kwa" pamoja na nafasi yake ni herufi 4 tu, na muuzaji anayelikwepa hawezi kusingizia kwamba nafasi haikutosha.