Mwanya wa Bibi

Bibi yetu wa Likoni hakuwa na picha hata moja ya ujana wake. Basi tukampiga picha kwa simu, tukaitia katika programu ya akili mnemba, tukaitaka imrejeshe kwenye umri wa miaka 20.

Akaitazama kwa muda mrefu. "Ndimi huyu," akasema, kisha akagusa mdomo. "Lakini mwanya wangu u wapi?"

Mashine haikumbuki, hukisia. Iliyaona meno ya bandia aliyoyavaa, na uliosalia ikaujaza kutokana na nyuso nyingi ilizofunzwa. Tukaandika: *mtie mwanya katika meno ya juu ya mbele*. Programu haikurekebisha meno tu, ilichora upya picha nzima. Mwanya ukaja, lakini pua ikawa ya mtu mwengine, na leso imeanguka mabegani, nywele wazi.

"Hii nani mwengine ameiona?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi ifuteni."

Tukaifuta mbele ya macho yake. Ile ya kwanza tukaichapisha karibu na feri. Mwanya akautia mwenyewe, kwa kalamu ya wino mweusi.