Bei ya Samaki Ishuke Kabla ya Jua Kuzama

Kila alfajiri wachuuzi hukusanyika kwenye mnada wa samaki katika soko la Feri, Dar es Salaam. Hununua kwa mtaji mdogo, na mara nyingi mtaji huo ni wa mkopo. Ifikapo magharibi, baadhi yao huonekana wakimwaga samaki waliowanunua kwa fedha taslimu. Wengi husema kuwa siku hiyo biashara ilikuwa mbaya. Mara nyingi ukweli ni kwamba bei ilikataa kushuka mpaka samaki wakaharibika.

Na utolewe mfano. Mchuuzi amenunua vibua 60 kwa shilingi 1,000 kila mmoja, jumla shilingi 60,000. Anawauza kwa shilingi 1,500. Ifikapo saa nane mchana amekwisha kuuza 40, naye ameshika shilingi 60,000. Mtaji umerudi, na mezani wamebaki 20. Akishikilia bei ya asubuhi, huenda akauza wanne tu na kupata shilingi 6,000, kisha akawatupa 16. Akishusha bei hadi shilingi 1,000, huenda akawauza 16 na kupata shilingi 16,000, na wanne waliosalia wakawa kitoweo cha nyumbani kwake.

Wapo wanaopinga kwamba kuuza kwa bei ya mnada ni kujipa hasara. Hoja hiyo haina msingi. Fedha ya alfajiri imekwisha kutoka mfukoni, na haitarudi kwa ajili ya ukaidi wa muuzaji. Swali la saa nane mchana ni moja tu: je, samaki huyu ataleta shilingi ngapi kabla hajaharibika?

Hapa ndipo saa inapokuwa jambo kubwa. Mama lishe na wakaanga samaki hutafuta bidhaa yao alasiri ili wawahi wateja wa jioni. Mchuuzi anayeshusha bei giza likiingia humkuta mnunuzi huyo amekwisha kununua kwingine. Zaidi ya hayo, samaki aliye wazi mezani katika joto la nyuzi 30 hupungua thamani kila saa. Barafu ingemsaidia, lakini hapana budi iwekwe tangu asubuhi, na kwa kiasi cha kutosha: katika nchi za joto, kadiri ya kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu huchelewesha uharibifu; haiurudishi nyuma. Samaki aliyeshinda juani hafanywi mpya kwa kulazwa kwenye barafu usiku.

Hata hivyo, kushusha bei kuna hatari yake. Wateja wakizoea kwamba kila siku saa nane bei huanguka, watangoja. Katika mfano uliotolewa, kushusha bei kulimwongezea mchuuzi shilingi 10,000. Kila mteja wa asubuhi anayeamua kungoja humpunguzia shilingi 500. Basi wakingoja 20 kati ya wale 40, faida yote imekwisha. Kwa hiyo mchuuzi mwerevu hafungi bei yake kwa saa. Huangalia meza: siku ya samaki wachache hashushi kamwe, na siku ya samaki wengi huanza mapema. Pengine huiacha bei ilivyo, akaongeza samaki kwenye fungu.

Mpaka usiovukwa ni afya ya wananchi. Bei hushushwa kwa samaki aliye mzima, kamwe si kwa aliyeoza. Samaki mzima macho yake yametokeza na kung'aa, matamvua ni mekundu, na nyama ikibonyezwa hurudi. Macho yakizama, matamvua yakawa ya kijivu, na kidole kikaacha shimo, huyo hana bei tena. Yafaa tahadhari izidi kwa vibua na jodari. Nyama yao ikikaa kwenye joto hutengeneza sumu iitwayo histamini, ambayo huweza kuwapo hata kabla ya harufu mbaya kutokea, wala haiondoki kwa kukaanga au kuchemsha. Alaye huweza kuwashwa mwili, kuiva uso na kuumwa kichwa muda mfupi baada ya chakula. Hivyo kibua kilichoshinda juani bila barafu hakipaswi kuuzwa hata kwa senti, japo macho yake bado yanang'aa.

Ndiyo maana bei inapaswa kushuka mapema. Anayeishusha alasiri, samaki wakiwa kwenye barafu na wazima, huuza chakula na kulinda mtaji wa mnada wa kesho. Anayengoja magharibi hubakiwa na njia mbili tu: kutupa mali yake, au kumuuzia jirani maradhi.