Viti maalum: Idadi ipo, nguvu je?
Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Ila mbunge huyo hana jimbo: jina lake hupelekwa na chama, na fedha za Mfuko wa Jimbo hazimhusu.

Mkoani Mara, Ester Bulaya aliingia bungeni 2010 kwa viti maalum vya CCM. Mwaka 2015 alihamia Chadema, akamwangusha mkongwe Stephen Wasira pale Bunda Mjini. Kwake, kiti maalum kilikuwa ngazi.

Lakini 2020 alishindwa jimboni, akaapishwa viti maalum, na Chadema ikamvua uanachama ikisema haikumteua.

Hapo ndipo tatizo. Mama wa Kibara akikosa maji, mbunge wa jimbo anaweza kumnyima kura. Wa viti maalum je? Huyo anajibu kwa chama.