Baba Hajapotea, Amefariki

Kuna ujumbe ambao karibu kila mwenye simu Nairobi ameshaupokea. Huingia kwenye grupu la WhatsApp, la kazini au la mliosoma pamoja, na huwa hivi:

"Wapendwa, mwenzetu amempoteza baba yake. Ndugu, pole kwa hasara yako. Mawazo na maombi yetu yako nawe. Tafadhali jisikieni huru kuchangia, hakuna kiasi kilicho kidogo sana."

Hapo hakuna Sheng wala neno la Kiingereza hata moja, na mwalimu wa insha angeweka alama ya vyema. Lakini hicho si Kiswahili. Ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Na anayesomewa ni mtu aliyetoka mochari leo asubuhi.

Tuanze na "amempoteza baba yake". Kwa Kiswahili, ukimpoteza mtu kuna mambo mawili. Ama mlikuwa naye Gikomba, mkaachana kwenye umati, ukamtafuta usimwone. Ama umempotosha, umemwelekeza njia mbaya. Kwa vyovyote vile mwenye kosa ni wewe uliyempoteza. Sasa huyu jamaa alikaa na babake hospitalini mpaka dakika ya mwisho, halafu tunamwambia amempoteza?

"Hasara" nayo ni neno la biashara. Mama aliyeleta kreti kumi za nyanya Marikiti zikamwozea, huyo amepata hasara, na mpe pole kwa hasara yake. Mzee wa watu si kreti ya nyanya.

"Mawazo yetu yako nawe" ndiyo inayonikera zaidi. Mtu akikuambia, "Yule dada ana mawazo siku hizi," unaelewa nini? Kwamba ana wasiwasi, halali vizuri, kuna jambo linamla moyo. Aliyefiwa tayari ana mawazo yake. Sisi watu arobaini kwenye grupu tunamwongezea yetu.

Najua mtakachosema: lugha hukua, wacha kutusumbua. Sawa, lugha hukua. Ila sisemi tusikope. Tazama "nimekumisi". Neno limekopwa, lakini limeingia kwenye nyumba ya Kiswahili likakaa sawasawa: *ni-*, *-me-*, *-ku-*, kisha kitenzi. Anayelisikia anajua umeshikwa na hamu naye. Sasa linganisha na yule msomi anayeogopa kukopa, anayeandika "ninakukosa". Kukosa ni kutopata. "Nilikukosa nyumbani" maana yake nilibisha hodi na hukuwepo. Aliyekopa neno amesema anachomaanisha. Aliyetafsiri neno kwa neno amesema kitu kingine kabisa, na hata hajui.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoilaumu Sheng kila siku. Kijana wa Kayole akiporwa atasema "nimeibiwa fone" au "nimepigwa ngeta". Maneno ni ya mtaa, lakini mpangilio ni wa Kiswahili. Aliyeenda shule sana ndiye atakayeandika "simu yangu iliibiwa".

Na hapa ndipo penye siri yenyewe, maana sentensi hizi mbili hazifanani. Kiingereza kinaanza na kitu, kisha kinakupachikia "yangu" ili ijulikane ni cha nani. Kiswahili, jambo baya likitokea, hupenda kuanza na mtu aliyepatwa. Nimeibiwa simu. Nimevunjika mguu. Nimekatika kidole. "Yangu" na "wangu" haina kazi, kwa sababu mwenyewe ameshatajwa mwanzoni. Ukisema "nimevunja mguu wangu", msikilizaji atajiuliza uliuvunja kwa nyundo au vipi, na kwa nini.

"Simu yangu imeibiwa" si kosa la sarufi. Inafaa tukiwa tunazungumza habari za simu: ipo wapi, kwa nini haipokelewi. Lakini ukitaka kusema kilichokupata wewe, anza na wewe.

Halafu Kiswahili kinaenda mbali zaidi, mahali ambapo Kiingereza hakifiki. Chukua kitenzi kisichomgusa mtu mwingine, kama *kunyesha*. Kiongezee kiambishi cha kumwelekea mtu, kinakuwa *kunyeshea*. Kisha kigeuze upande wa anayetendewa, kinakuwa *kunyeshewa*. Mvua imenyesha, mimi nimenyeshewa. Pesa zimeisha, mimi nimeishiwa. Gari limeharibika, mimi nimeharibikiwa. Ni hatua mbili tu, na tayari aliyeumia yuko mbele ya sentensi.

Sasa fanya hivyo kwa *kufa*. Baba amekufa. Baba *amemfia*. Yeye *amefiwa* na baba. Ukitaka upole zaidi, *ameondoka* kunatoa *ameondokewa*. Kiingereza hakina neno moja la kitendo kama "kufiwa" ambalo watu hulitumia kila siku, ndiyo maana wenyewe wanazunguka kwa kusema wamempoteza mtu. Wanaziba pengo la lugha yao, na siwalaumu. Sisi hatuna hilo pengo. Tunaazima kiraka na nguo yetu ni nzima.

Kwa hiyo turudi kwenye ule ujumbe. "Amempoteza baba yake" iwe "amefiwa na babake". "Pole kwa hasara yako" iwe "pole kwa msiba", na Pwani utasikia "makiwa", neno moja linalotosha. "Mawazo na maombi" iwe "tunakuombea". "Jisikieni huru" ing'oe kabisa. Kwenye mchango wa matanga, nani alikuwa amefungwa? Na "hakuna kiasi kilicho kidogo sana" inamlazimisha msomaji apige hesabu ya kukanusha ili agundue kwamba mia yake itapokelewa. Ujumbe mzima unakuwa hivi:

"Jamani, mwenzetu amefiwa na babake. Ndugu, pole sana kwa msiba. Tunakuombea, Mungu awape subira nyumba nzima. Mwenye kujaliwa chochote atume, hata kidogo kitafaa."

Ni mfupi zaidi, na hauna neno gumu hata moja. Hukuhitaji kamusi wala kukulia Lamu ili uuandike.

Sitaki kuwa polisi wa lugha. "Apumzike kwa amani" nayo imetoka nje, ikaingia makanisani, na leo hakuna asiyeielewa. Iache ikae. Hata mimi nikiandika haraka nateleza. Kipimo changu ni kimoja: je, asiyejua Kiingereza akisoma sentensi hii, ataelewa kitu kingine? "Apumzike kwa amani" inapita. "Hasara yako" inaanguka.

Shida ni kwamba wengi wetu tunafikiri kwa Kiingereza kukiwa na jambo zito, kwa sababu shuleni ndicho tulichoambiwa ni cha mambo mazito. Kiswahili tukaachiwa cha matatu na utani. Msiba ukitokea, tunakimbilia sentensi ya kadi ya dukani na kuigeuza neno kwa neno.

Wakati mwingine ukishika simu kuandika pole, usianze na ile sentensi ya Kiingereza. Jiulize kwanza: jambo hili limempata nani? Andika huyo mtu, kisha kilichompata. Yeye ataisoma usiku, watu wakishaenda, na angalau asikute humo kwamba alimpoteza babake.