Mwangi Wanne wa Mzee Mmoja

Wasomaji wetu Wakikuyu waijua desturi hii tangu utotoni, lakini makarani wa makabila mengine huona taabu nayo, kwa hiyo yafaa tuieleze. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa babaye, na wa pili jina la baba wa mamaye. Tuseme Mzee Mwangi ana wana watatu, Kamau, Karanja na Ndung'u, na binti mmoja, Wanjiru. Kila mwana atamwita kifungua mimba wake wa kiume Mwangi, na Wanjiru atamwita hivyo mwanawe wa pili. Hapo pana wajukuu wanne wenye jina moja.

Zamani hapakuwa na shida, maana mmoja aliitwa Mwangi wa Kamau, mwingine Mwangi wa Karanja. Shida huanza jina la baba linapoachwa na jina la ubatizo kuwekwa mbele. Wawili wao wakibatizwa Petro, na barua ya "Petro Mwangi" ikifika katika sanduku la posta la shule ambalo kijiji kizima hulitumia, mwalimu atampa nani?

Wengine hujiongezea neno Junia, lililozoeleka sana Marekani. Lakini huko Junia ni mwana mwenye jina lote la babaye. Aliyeitwa kwa jina la babu au la ami huandikwa "wa II", na binamu azaliwaye baadaye kwa jina lilo hilo huwa "wa III", ingawa si mwana wa yule wa pili. Tena katika vitabu vya kale vya miji ya Massachusetts, Junia alikuwa mdogo tu kati ya wawili wenye jina moja, hata wasipokuwa jamaa. Mkubwa akifa, mdogo aliliacha neno hilo. Alama ihamayo hivyo humpoteza asomaye baada ya miaka hamsini.

Kwetu kuna jambo gumu zaidi. Mwangi wa Kamau akipata mwana, atamwita Kamau. Basi Kamau wa Mwangi ni babu, na Kamau wa Mwangi ni mjukuu. Hati ya shamba ikiwa na majina hayo mawili tu, babu akafa, binamu wataulizana ni Kamau yupi aliyeandikwa. Hata kuongeza jina la tatu hakutoshi, kwa kuwa ni Kamau tena.

Majina ya mama, lakini, hubadilika. Kwa hiyo katika daftari la ukoo andika hivi: "Kamau wa Mwangi, mama yake Njeri, alizaliwa 1978." Kwa mzee asiyejulikana mwaka wake, andika jina la rika alilotahiriwa nalo. Katika hati ya shamba ni nambari ya kitambulisho itakayomaliza ubishi. Juu ya bahasha andika majina yote kama yalivyo katika kitambulisho, wala usiongeze Junia ikiwa haimo humo, kwani karani wa benki atalinganisha neno kwa neno.