Tamko la Chama cha Mafundi Umeme Kuhusu Kontakta Zinazonguruma Kwenye Paneli za Pampu za Maji

1. Chama kinatoa tamko hili kwa wananchi, kamati za maji na mamlaka zinazosimamia huduma hiyo, kwa kuwa wanachama wake wanazidi kukuta kontakta mpya zikifungwa kutibu ugonjwa usio wa kontakta. Kontakta inapiga kelele, inang'olewa, inawekwa nyingine, na haichukui muda nayo inaanza kelele ile ile.

2. Kelele hizo ni za namna mbili, na Chama kinasisitiza zisichanganywe. Koili ikipata umeme huzalisha sumaku inayovuta chuma cha pili, na pointi zinazolisha mota zikafunga. Kwa umeme wa hezi 50, mvuto huo hudhoofika mara 100 kila sekunde. Pete ndogo ya shaba iliyopachikwa kwenye uso wa sumaku ndiyo huuzuia kuachia. Pete ikikatika, au vumbi na kutu vikikaa kati ya nyuso mbili za chuma, kontakta iliyokwisha kufunga hunguruma mfululizo hata kama volti zimetimia. Kugongagonga ni jambo jingine. Hapo koili inashika na kuachia, kwa sababu volti zinazoifikia hazitoshi au zinakatikakatika njiani.

3. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-4-1 kinataka kontakta ifanye kazi sawasawa koili yake ikipata asilimia 85 hadi 110 ya volti ilizoandikiwa. Kwa koili ya volti 230, mpaka wa chini ni volti 195.5. Swali la kwanza kwa fundi, basi, ni volti ngapi zinafika A1 na A2 wakati koili inajaribu kuvuta. Kipimo kilichochukuliwa pampu imezimwa hakijibu swali hilo.

4. Ichukuliwe pampu ya kisima inayowashwa na swichi ya boya iliyoko kwenye tangi. Jioni kontakta inagongagonga, na wenye pampu wanalaumu umeme mdogo. Fundi anazima umeme wa mota na kuacha njia ya udhibiti peke yake, kisha anapima wakati koili inavuta. Umeme unaoingia kwenye paneli ni volti 214, lakini A1 na A2 zinapata 171 tu. Volti 43 zimepotea ndani ya njia ya udhibiti. Anahamisha mita na kupima kila pointi iliyofunga, moja baada ya nyingine: kitufe cha kuzimia kinaonyesha volti 1, pointi ya ovalodi 1, swichi ya boya 38, 3 zilizobaki zimeishia kwenye waya. Pointi nzima iliyofunga huonyesha karibu sifuri. Mkosaji ni swichi ya boya iliyoingiwa na unyevu. Ikibadilishwa, koili itapata takriban volti 209, na kontakta ile ile ya zamani itafunga. Umeme wa jioni ni mdogo kweli, ila haukuwa chini ya mpaka.

5. Kama volti za kuingilia zenyewe zinaporomoka mota inapoanza, na zile za A1 na A2 zinashuka pamoja nazo, kosa liko kwenye waya mwembamba wa kulisha pampu, kiungo kilicholegea au laini yenyewe. Ni kwa kesi hiyo tu ambapo Chama kinaliomba shirika la umeme kufika, na kinawataka wenye pampu walipelekee vipimo hivyo.

6. Chama kinapinga bila masharti desturi ya kuibana kontakta kwa kijiti ili itulie. Kontakta iliyobanwa haiachii hata ovalodi ikikata, na mota hubaki bila ulinzi. Vilevile kuiacha igonge si uvumilivu: koili ambayo sumaku yake haijafunga huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko kawaida na huungua, na pointi kuu hutoa cheche hadi zikashikana, au moja ikateketea mota ikabaki na fezi mbili.

7. Chama hakikubaliani pia na msasa kwenye pointi kuu. Weusi juu ya pointi za fedha ni wa kawaida, na msasa hula fedha yenyewe. Pointi iliyoyeyuka au kuchimbika hubadilishwa. Nyuso za sumaku hufutwa kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa kabisa.

8. Kuanzia sasa mwanachama hatabadilisha kontakta inayopiga kelele kabla ya kuandika kwenye daftari la paneli volti za kuingilia, volti za A1 na A2, na volti za kila pointi ya udhibiti. Akikuta kijiti, ataizima paneli, atakiondoa, na atawajulisha wenye mali kwa maandishi kabla hajaondoka.